Jibu Linalobebeka: Maandalizi ya Simu ya Kwanza ya Afisa Ajira

Simu ya kwanza ya afisa ajira haimalizi nusu saa, na anayeipiga mara nyingi siye atakayeamua kama utaajiriwa. Kazi yake ni kukusanya mambo machache: unataka mshahara wa kiasi gani, notisi yako ni ya muda gani, uko wapi na uko tayari kufanyia kazi wapi, na kwa ufupi unajua kufanya nini. Akishakata simu anaandika mistari michache na kuipeleka kwa mkuu wa timu inayotafuta mtu. Nimekaa miaka mingi upande wa wanaopokea mistari hiyo, na jambo moja nililiona likijirudia. Watu wenye uwezo waliachwa kabla ya usaili wowote wa kitaalamu kwa sababu mstari uliowahusu ulisomeka vibaya. Wakati mwingine namba haikusema ni ya sarafu gani, au notisi iliandikwa kuwa ndefu kuliko ilivyo, au ujuzi uligeuka kuwa orodha ya majina ya programu isiyoeleza mtu alijenga nini. Afisa ajira ni kama mshenga: haoi wala haozeshi, anabeba maneno ya upande mmoja kuyapeleka upande wa pili, na mahari ikitajwa kwa utata kwake, utata huo ndio utakaofika kwa wazee. Kwa hiyo naamini maandalizi ya simu hii yana swali moja tu la msingi kwa kila jibu: je, mtu mwingine anaweza kulibeba jibu hili katika mstari mmoja na lisibadilike njiani?

Ili hoja hii isibaki hewani, tuchukue mfano wa msanidi programu anayeishi Mbezi, Dar es Salaam, mwenye miaka 5 kwenye mifumo ya malipo kwa simu. Ana ajira ya kudumu, analipwa kwa mwezi, na ameomba kazi kwenye kampuni yenye makao makuu Nairobi na ofisi ndogo Masaki. Afisa ajira atampigia kutoka Nairobi. Ni hali ya kawaida siku hizi, na inafaa kuchunguzwa kwa sababu kila moja ya yale maswali manne ina mtego wake ndani yake.

Tuanze na mshahara. Namba inayotajwa kwenye simu inahitaji lebo tatu: sarafu, kipindi, na kama ni kabla au baada ya makato. Afisa wa Nairobi akisikia "shilingi laki tatu" ana haki ya kuelewa shilingi za Kenya, na hizo ni pesa nyingi sana kuliko laki tatu za Tanzania. Afisa wa kampuni ya Ulaya au Marekani huzungumza kwa mwaka, ilhali sisi tunahesabu kwa mwezi. Tofauti kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko kwenye makato. Mwombaji huijua pesa inayoingia benki. Mwajiri hupanga bajeti kwa mshahara kabla ya makato. Msanidi wetu akiwa anataka milioni 2.5 mkononi na akaitaja namba hiyo bila lebo, itaandikwa kuwa milioni 2.5 kabla ya makato. Hapo atakuwa amejipunguzia mshahara kwa sentensi moja, na miezi miwili baadaye, ofa ikija, hatakuwa na pa kusimamia.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa kufanywa kabla simu haijalia. Kwa Tanzania Bara, mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida anachangia asilimia 10 ya mshahara NSSF, na mchango huo hutolewa kwanza kabla ya kodi. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, mtu ambaye kiasi chake cha kutozwa kodi kinazidi milioni 1 kwa mwezi hulipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi hiyo milioni. Chukua mshahara wa milioni 3 kabla ya makato. NSSF ni 300,000, kinachobaki cha kutozwa kodi ni 2,700,000, na kodi yake ni 128,000 kujumlisha 510,000, yaani 638,000. Mkononi inafika 2,062,000. Ukiirudisha hesabu hiyo kinyumenyume unapata njia fupi kwa mishahara ya kiwango hiki: chukua kiasi unachotaka mkononi, toa 172,000, kisha gawanya kwa 0.63. Kwa milioni 2.5 mkononi, jibu ni takribani milioni 3.7 kabla ya makato. Na kama mtu bado analipa mkopo wa elimu ya juu, ajue kwamba makato ya HESLB ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yatashuka juu ya hayo yote, wala afisa ajira hana njia ya kujua kuwa yapo. Kwenye hesabu hii inaonekana pia jambo linalosahauliwa na wengi: kila laki moja inayoongezwa kabla ya makato huingia mkononi kama 63,000 tu. Anayejua hivyo hafurahii nyongeza ya laki mbili kana kwamba ataziona zote mbili.

Ukiwa na namba hiyo, unatengeneza wigo. Watu wengi huweka chini kiasi wanachoweza kuvumilia, juu kiasi wanachokitamani, na kutarajia kwamba mwajiri atakutana nao katikati. Sijaona mambo yakienda hivyo. Mkuu wa timu akisoma "3.2 hadi 4.5", macho yake hubaki kwenye 3.2, kwa kuwa mwombaji mwenyewe ameshasema kwamba anaikubali. Kwa hiyo chini ya wigo iwe namba ambayo ungeisaini leo bila kinyongo, na juu iwe namba unayoweza kuitetea kwa majukumu ya kazi yenyewe. Kwa msanidi wetu, jibu linalobebeka ni hili: "Natarajia kati ya milioni 3.7 na 4.3 za Tanzania kwa mwezi, kabla ya makato, kwa ajira ya kudumu yenye bima ya afya." Afisa anaweza kuliandika kama lilivyo. Na akiulizwa analipwa kiasi gani sasa, anaweza kusema kwa heshima kwamba angependa kuzungumzia thamani ya kazi hii mpya, kisha ataje wigo wake. Asichopaswa kufanya ni kutaja mshahara wa uongo, kwa sababu waajiri wengi huomba hati ya mshahara wakati wa kuandaa mkataba, na uongo wa namba hugunduliwa siku mbaya kuliko zote.

Kuna wanaopinga hapa, na hoja yao ina uzito. Wanasema anayetaja namba kwanza hushindwa, kwa hiyo simu ya kwanza ni mahali pa kukwepa. Utafiti wa Amos Tversky na Daniel Kahneman wa mwaka 1974 ulionyesha jinsi namba ya kwanza kusikika inavyoyavuta makadirio yanayofuata kuelekea kwake, na mara nyingi unatajwa kama ushahidi kwamba ni heri kunyamaza. Mimi nausoma vingine. Ikiwa namba ya kwanza ndiyo inayovuta, basi hatari iko kwenye kutaja namba ndogo au yenye utata. Namba nzuri ikitajwa mapema inayavuta makadirio ya mwajiri kuelekea kwako. Nakubali kwamba inafaa kuuliza mara moja: "Nafasi hii imetengewa wigo gani?" Mara nyingi afisa anaujua na hana sababu ya kuuficha. Lakini akisema hawezi kuutaja, kukwepa mara ya pili na ya tatu hakukulindi. Sehemu ya fomu itabaki tupu au itaandikwa "hakutaja", na ukiwekwa pamoja na waombaji wengine wenye majibu kamili, wewe ndiye mwenye kazi ya ziada ya kufuatiliwa. Na kama namba yako inazidi bajeti yao, ni heri kulijua hilo kwenye simu ya dakika 20 kuliko baada ya usaili wa awamu tatu na jaribio la kuandika programu lililokula wikiendi yako.

Notisi ni swali linaloonekana dogo, na ndiyo maana hujibiwa ovyo. "Mwezi mmoja hivi" ndilo jibu la wengi, na sehemu yake yenye madhara ni hilo neno "hivi". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inaweka kiwango cha chini cha siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza wa kazi. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inahitaji siku 28 na kwa maandishi. Lakini hicho ni kiwango cha chini. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, na kwa sheria ya Tanzania muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua mkataba wako na kusoma kifungu cha kusitisha ajira, kwa sababu wapo wanaodhani wana mwezi mmoja kumbe walisaini miezi mitatu. Kazi ya pili ni kuacha kutegemea mbinu ambazo sheria haizikubali. Wengi hupanga kufidia notisi kwa siku za likizo zilizobaki, ilhali sheria ya Tanzania hairuhusu notisi kutolewa wakati wa likizo wala kwenda sambamba nayo. Na mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri ana haki ya kukata kwenye stahiki zake kiasi ambacho angelipwa kwa kipindi hicho. Mwajiri wako wa sasa anaweza kukubali uondoke mapema, lakini hayo ni makubaliano yatakayofanyika baadaye, na usiyauze kwenye simu kana kwamba umeshayapata.

Jibu zuri la notisi linaonyesha pia saa inaanza kuhesabiwa lini. Tuseme msanidi wetu anapewa mkataba na kuusaini tarehe 10 Machi, na siku hiyohiyo anakabidhi barua ya notisi. Siku 28 zinaishia tarehe 7 Aprili, Siku ya Karume, na kazi mpya inaweza kuanza tarehe 8. Usaili ukichukua wiki tatu zaidi, tarehe zote zinasogea wiki tatu. Afisa ajira akiandika "anaweza kuanza 8 Aprili" bila sharti, mkuu wa timu atapanga mradi kwa tarehe hiyo, na ucheleweshaji wa kampuni yenyewe utageuka kuwa lawama yako. Sema hivi: "Notisi yangu ni siku 28, na nitaitoa siku nitakayosaini mkataba." Sentensi hiyo inakulinda na jambo lingine kubwa zaidi. Inamfahamisha mwajiri mapema kwamba hutaacha kazi kwa ahadi ya mdomo.

Swali la mahali linaonekana kuwa la jiografia, lakini ndani yake kuna swali la mkataba. "Niko Dar es Salaam" haimwambii afisa kama mtu wa Mbezi yuko tayari kufika Masaki kila siku au siku mbili kwa wiki, wala kama angehamia Nairobi. Taja idadi ya siku za ofisini unazozikubali, sema kama kuhama kunawezekana na kwa masharti gani, kisha uliza swali lenye thamani kuliko yote katika simu hii: nitaajiriwa chini ya sheria za nchi gani, na kama mwajiriwa au kama mkandarasi? Kampuni yenye ofisi iliyosajiliwa Tanzania inaweza kukuajiri hapa, ikakukata kodi na kuchangia NSSF. Isiyo na ofisi hapa mara nyingi hupendekeza mkataba wa huduma, na hapo kodi, akiba ya uzeeni na bima vinakuwa juu yako.

Tofauti hiyo inairudisha namba ya mshahara mezani. Katika ajira, juu ya milioni 3.7 mwajiri huongeza mchango wake wa NSSF, ambao kwa kawaida ni 370,000, na sheria inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka. Mkandarasi hana hivyo viwili. Ili afikie thamani ileile, milioni 4.07 kwa miezi 12 lazima ipatikane kwa miezi 11 ya kazi, yaani takribani milioni 4.44 kwa mwezi, kabla hajanunua bima wala hajafikiria usalama wa ajira aliouacha. Anayetaja wigo mmoja kwa hali zote mbili anaweza kujikuta amekubali pungufu ya kile anachopata sasa, huku namba ikionekana kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo wigo tulioutaja awali ulibeba maneno "kwa ajira ya kudumu", na kwa mkataba wa huduma msanidi huyu anapaswa kuwa na wigo wa pili, ulioandikwa kwenye karatasi iliyo mbele yake.

Sasa tufike kwenye muhtasari wa ujuzi, ambapo mafundi wazuri huanguka zaidi. Swali huja kwa upole: "Nieleze kwa ufupi unafanya nini." Fundi hujibu kwa kutaja kila chombo alichowahi kugusa, kutoka Java hadi Kubernetes, au huingia kwenye undani wa usanifu wa mfumo ambao afisa ajira hawezi kuufuata. Katika hali zote mbili kinachoandikwa ni kile afisa alichokidaka, yaani majina mawili matatu yanayofanana na yale ya tangazo. Dakika moja, au moja na nusu, inatosha kubeba vitu vinne: wewe ni nani kikazi na kwa muda gani, mfumo unaoufanyia kazi unamsaidia nani, tatizo moja ulilolitatua kwa mkono wako, na matokeo yake. Majina ya zana yawe yale yaliyo kwenye tangazo na ambayo kweli unayajua, matatu au manne.

Kwa msanidi wetu, inaweza kuwa hivi: "Mimi ni msanidi wa mifumo ya upande wa seva kwa miaka 5, hasa kwa Java, Spring Boot na PostgreSQL. Mfumo wetu hupokea malipo ya wateja kutoka mitandao ya simu. Tulikuwa na tatizo kwamba mtandao ukikatika katikati ya malipo, ombi lilirudiwa na mteja alikatwa mara mbili. Nilibuni na kuandika sehemu inayoipa kila ombi namba yake ya pekee, ili likirudiwa, mfumo ulitambue na kurudisha jibu la mwanzo bila kukata pesa tena. Tangu ilipoanza kutumika, makato ya mara mbili yaliyotokana na marudio hayo yamekoma. Sasa nawaongoza wasanidi wawili na bado naandika programu kila siku." Hapa afisa asiyejua kuandika programu ameelewa tatizo, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtumiaji wa malipo ya simu. Ataandika: "Java miaka 5, malipo, alitatua tatizo la kukatwa mara mbili." Mkuu wa timu akiusoma mstari huo ataona kwamba mtu huyu amekutana na ugumu halisi wa mifumo ya malipo, na tayari ana swali la kuanzia usaili. Taarifa ya kitaalamu imevuka mikono ya mtu asiye mtaalamu bila kupotea.

Mafundi wengine hukataa njia hii wakisema ni kurahisisha kazi hadi ionekane ya kitoto. Ninawaelewa, lakini undani una wakati wake. Jinsi namba ile ya pekee inavyohifadhiwa, hukaa muda gani kabla ya kufutwa, na nini hutokea maombi mawili yanayofanana yakifika kwa pamoja, ni maswali ya usaili unaofuata, na atayauliza mtu anayeweza kupima majibu. Kwenye simu ya kwanza, taja kinachothibitisha kwamba undani huo unao. Jihadhari pia na neno "tuli-". Ukisema "tulijenga" mwanzo hadi mwisho, msikilizaji hawezi kujua mkono wako uligusa wapi, na kwa kawaida ataandika kidogo kuliko ulichofanya.

Pingamizi la mwisho ni kwamba majibu yaliyoandaliwa husikika kama shairi la kukariri, na waajiri hupenda mtu wa asili. Ni kweli kwamba sentensi zilizokaririwa husikika. Dawa yake ni kukariri namba na tarehe, kisha kuziacha sentensi zije zenyewe. Karatasi moja yenye wigo mbili za mshahara, muda wa notisi kama ulivyo kwenye mkataba, siku za ofisini unazozikubali, na maneno machache ya kukumbusha ule mfano wa kazi, inatosha. Mtu asiyetafuta namba kichwani wakati wa kuzungumza ndiye anayesikika wa asili, kwa kuwa akili yake iko huru kumsikiliza aliye upande wa pili.

Hata kwa maandalizi hayo yote, maneno yanaweza kupotoka, na kuna njia mbili za kulibaini. Kabla ya kuagana, mwombe afisa kwa adabu akusomee alichoandika kuhusu mshahara na notisi. Hakuna afisa makini atakayechukizwa, maana kosa kwenye fomu ni usumbufu kwake pia. Kisha siku hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi wa shukrani wenye mistari minne: wigo pamoja na lebo zake tatu, notisi na siku itakapoanza kuhesabiwa, mahali na aina ya mkataba, na sentensi moja ya ujuzi. Ujumbe huo una faida kubwa kuliko unavyoonekana. Afisa mwenye waombaji wengi hunakili alichoandikiwa, kwa hiyo mstari utakaosomwa na mkuu wa timu unakuwa umeandikwa na wewe mwenyewe. Na siku ofa itakapofika ikiwa na namba tofauti au tarehe tofauti, utakuwa na maandishi ya siku ya kwanza ya kurejea, na mazungumzo ya mkataba yataanzia kwenye kile ulichokisema kweli.